Dirisha Likiwa Taa: Kurekodi Mahojiano Ndani ya Nyumba bila Taa za Studio

Katika mahojiano mengi yanayorekodiwa majumbani, mgeni huketishwa dirisha likiwa mgongoni kwake. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, huona weupe mwingi nyuma, basi hupunguza mwanga inaoupokea na uso wa mgeni unabaki giza. Mpigapicha akilazimisha uso uonekane, dirisha linakuwa weupe mtupu. Hapo wengi huamua kwamba chumba hakina mwanga na kuanza kuulizia taa za kukodi. Kumbe mwanga upo wa kutosha, ila kiti kimewekwa pasipo pake.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba ulaini wa mwanga unategemea ukubwa wa kinachomulika, ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa anayemulikwa. Mtu aliyeketi mita moja kutoka dirisha lenye upana wa mita moja na robo humulikwa na kitu kikubwa kuliko kichwa na mabega yake. Mwanga unamfikia kutoka pande nyingi kwa pamoja, na kivuli cha pua yake hufifia polepole shavuni. Mrudishe mita nne nyuma, dirisha lile lile linakuwa dogo machoni pake: kivuli kinapata ukingo mkali na mwanga wenyewe unapungua sana. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kifaa chochote, msogeze mgeni dirishani.

Lakini si kila dirisha linafaa kwa kila saa. Jua likipenya moja kwa moja, kinachommulika mgeni si dirisha tena bali jua lenyewe, na mwanga wake ni mkali, wenye vivuli vilivyokatika kama kwa wembe. Kinachotakiwa ni dirisha linaloona anga bila kuliona jua. Wachoraji wa Ulaya walijenga studio zenye madirisha ya kaskazini kwa sababu huko jua la mchana hupita upande wa kusini mwaka mzima. Kwetu, karibu na ikweta, kanuni hiyo hubadilika katikati ya mwaka. Dar es Salaam, kuanzia takribani katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri hupita kusini. Miezi mingine hupita kaskazini. Hivyo mwezi wa Julai dirisha la kusini ndilo tulivu kutwa nzima, na mwezi wa Desemba ni la kaskazini. Ukiwa na madirisha ya mashariki na magharibi tu, la magharibi litumie asubuhi na la mashariki alasiri.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ni mwezi wa Julai, saa tatu asubuhi, mjini Tanga. Tunamhoji fundi cherehani mstaafu sebuleni kwake. Chumba kina mita nne kwa tatu na nusu, kuta za rangi ya krimu, na dirisha moja la kusini lenye nondo, wavu wa mbu na pazia zito.

Kazi ya kwanza ni kuzima taa ya sebuleni, hata kama mwenye nyumba ameiwasha kwa heshima ya wageni. Mwanga wa anga una rangi ya ubaridi, wa balbu nyingi za majumbani una unjano. Jicho husawazisha tofauti hiyo, kamera haiwezi: shavu moja litatoka la samawati na la pili la chungwa, na hakuna marekebisho ya baadaye yatakayoponya mashavu yote mawili. Taa ya tyubu au balbu ya bei rahisi ina shida ya ziada ya kupepesa kufuata umeme wetu wa 50 Hz, na video huonyesha mistari inayotembea.

Pazia tunalivuta lote pembeni. Dirisha la vioo vya rangi tunalifungua, maana vioo hivyo hula mwanga na kuupaka rangi yake. Hapo kuna bei ya kulipa, kwa kuwa bodaboda na wauzaji wa mtaani wataingia kwenye sauti, kwa hiyo tunasikiliza mtaa kwa dakika chache kabla ya kuamua. Leo mtaa umetulia.

Kiti cha mzee tunakiweka mita moja kutoka ukuta wa dirisha, nyuma kidogo ya ukingo wa dirisha, ili mwanga umfikie kutoka mbele kwa pembeni. Akikaa sambamba kabisa na katikati ya dirisha, nusu ya uso itawaka na nusu itazama. Nyuma yake tunaacha mita mbili hadi ukutani. Kwa kuwa mwanga wa dirisha hupungua kadiri unavyoingia ndani, ukuta huo utatoka mweusi kiasi kuliko uso, na mzee ataonekana amejitenga nao.

Sasa, anayeuliza maswali akae wapi? Wengi humweka upande wowote wenye nafasi, ilhali nafasi yake ndiyo inayoamua sura ya picha. Tunamweka kati ya kamera na dirisha. Mzee akimtazama, uso wake unageukia mwanga, na shavu lililo karibu na kamera ndilo linalobaki kivulini. Uso unapata umbo: paji, pua na taya vinasomeka. Mhoji akikaa upande wa pili wa kamera, shavu lenye mwanga ndilo litakaloikabili kamera, na uso utaonekana bapa na mpana. Tunamwomba, “Samahani mzee, geuka kidogo kwa mwenzangu,” huku tukiangalia macho yake. Macho yote mawili yakionyesha nukta ya mwanga wa dirisha, kiti kimekaa. Jicho la upande wa kivuli likikosa nukta hiyo, huonekana limekufa hata kama picha nzima ni nzuri.

Baada ya hapo ndipo riflekta inaingia. Si taa ya pili. Kazi yake ni kuuokota mwanga wa dirisha uliompita mgeni na kuurudisha upande wa kivuli, ili tuamue kivuli kiwe kizito kiasi gani. Mbinu hii ya kurudisha mwanga ilijulikana zamani katika sinema. Katika filamu ya Aparajito ya mwaka 1956, iliyoongozwa na Satyajit Ray, mpigapicha Subrata Mitra alitandaza kitambaa cheupe juu ya seti ya ua wa nyumba na kuzielekeza taa kwenye kitambaa badala ya kwa waigizaji, na mwanga ukawashukia laini kama wa anga.

Sisi tuna karatasi mbili nyeupe za manila zilizogandishwa juu ya boksi lililofunguliwa. Shuka jeupe lililotandazwa juu ya kamba, au lile foma jeupe linalokuja ndani ya boksi la televisheni, lingefaa vilevile. Tunaisimamisha upande wa kivuli, nusu mita kutoka kwa mzee, nje kidogo ya picha, ikielekea kati ya uso wake na dirisha. Weupe usiong'aa hutawanya mwanga, kwa hiyo lazima uwe karibu. Ukiwa mita mbili mbali, mchango wake hauonekani. Na ikae kimo cha uso. Ikilazwa chini sakafuni, itamulika kidevu na matundu ya pua.

Tutajuaje kwamba inatosha? Kwa kamera, au simu yenye modi ya Pro, tunaacha ISO na tundu la lenzi bila kubadilika, tunasogea karibu na kupima shavu lenye mwanga peke yake, kisha la kivuli. Bila riflekta, shavu la mwanga linahitaji kasi ya 1/100 na la kivuli 1/25, yaani kivuli kinapata robo ya mwanga. Hiyo inafaa hadithi ya majonzi, lakini ni nzito kwa mzee anayesimulia ujana wake akicheka. Riflekta inapoingia, shavu la kivuli linasoma 1/50, nusu ya lile la mwanga. Tunaishia hapo. Tukiisogeza zaidi mpaka mashavu yalingane, tutakuwa tumeufuta ule umbo tulioutafuta kwa kiti.

Foili ya jikoni ni ya kuangaliwa kwa makini. Inarudisha mwanga mwingi, lakini kwa ukali na madoadoa, na mgeni hukunja macho. Ikibidi kuitumia kwa sababu riflekta lazima ikae mbali, ikunjekunje kwanza kisha uinyooshe juu ya boksi, ili mikunjo iuvunje mwanga. Rangi nayo huhama: khanga nyekundu iliyotandikwa kwenye kochi la pembeni, au ukuta wa kijani, hurudisha wekundu au ukijani wake kwenye shavu bila kuombwa. Kifunike kwa kitambaa cheupe. Na pale kuta nyeupe za chumba kidogo zinapoondoa kivuli chote, fanya kinyume: tundika kitambaa cheusi mahali pa riflekta, kinyonye mwanga na kirudishe umbo la uso.

Kwa ngozi nyeusi, ukubwa wa riflekta ni muhimu kuliko nguvu yake. Umbo la uso mweusi husomeka sana kwa mng'ao unaotua juu ya ngozi, na eneo pana jeupe huweka mng'ao mpana na laini, wakati taa ndogo huacha vidoa vinavyometa kama jasho. Kamera ya kujiendesha yenyewe, nayo, ikiona ukuta mweupe au kanzu nyeupe hulitia giza lile ambalo ni la maana. Ndiyo maana tunachagua ukuta uliopoa nyuma ya mzee na kumshauri, kwa adabu, avae shati la rangi ya kati. Kisha tunapima kwa uso wake na kufunga kila kitu: mwanga, fokasi, na rangi kwenye 5600K au alama ya jua. Kwenye iPhone, bonyeza uso uendelee kushikilia mpaka maandishi ya AE/AF LOCK yatokee. Bila kufunga, kila mzee anapoinua mkono picha itapanda na kushuka mwanga.

Mawingu hayafungiki. Dirisha lisilopata jua huyumba kidogo tu wingu linapopita, lakini mbingu ikifunga kwa mvua, jibu lililoanza kwenye mwanga litamalizikia gizani. Subiri sentensi iishe, pima upya, na umwombe mgeni arudie wazo lake. Miwani ikionyesha picha ya dirisha, inua kidogo mikono ya miwani juu ya masikio ili vioo viiname chini.

Mbinu hii ina mwisho wake. Haifai usiku, na kwetu giza huingia haraka: ukianza saa kumi na moja na nusu jioni, jibu la mwisho halitafanana na la kwanza, basi maswali mazito yatangulie. Haifai pia kwa wageni watatu waliopangwa kwenye kochi, kwa kuwa wa karibu na dirisha atapata mwanga mwingi kuliko wa mwisho. Hao, au nyumba yenye dirisha dogo kama la stoo, wapeleke barazani. Waketi kivulini chini ya paa, wakitazama nje kwa pembeni, ukuta nyuma yao. Upande mzima ulio wazi unakuwa dirisha pana la kuwatosha wote, na ile karatasi ya manila huenda usiihitaji.