Hesabu zile saa 12 ulizozivuka

Basi limeondoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri, likaingia Mbeya saa 1:30 usiku wa siku hiyohiyo. Safari ilichukua saa ngapi? Ukitoa 1:30 kwenye 11 unapata saa tisa na nusu, na yeyote aliyewahi kusafiri njia hiyo atakuambia kuwa hapo kuna saa zilizopotea.

Zimepotea kwenye saa 12. Saa yetu huanza kuhesabu upya mara mbili kwa siku: saa 12 asubuhi, mchana unapoanza, na saa 12 jioni, usiku unapoanza. Kwa hiyo kabla ya kutoa, jiulize safari imevuka saa 12 mara ngapi. Kila ukivuka mara moja, ongeza 12 kwenye saa ya kufika, kisha ndipo utoe saa ya kuondoka.

Basi letu limevuka mara mbili. Alfajiri bado ni sehemu ya usiku, kwa hiyo lilipita saa 12 asubuhi likiwa njiani, kisha likapita na saa 12 jioni. Moja na nusu ukijumlisha 24 ni 25 na nusu. Toa 11, zinabaki saa 14 na nusu. Kama hujaridhika, igawe safari vipandevipande: saa moja mpaka kupambazuke, 12 za mchana kutwa, na moja na nusu ya usiku. Jibu ni lilelile. Hata tiketi iliyoandikwa 05:00 na 19:30 itakupa hilohilo.

Wengi hujikwaa kwenye saa 12 yenyewe. Ukiondoka saa 12 kamili, iandike sifuri, maana hesabu ndiyo kwanza inaanza. Na saa 12 na robo ni dakika 15 tu. Ukifika saa 12 kamili, iache ibaki 12, kwa kuwa hujaivuka. Boti inayong'oa nanga Unguja saa 4 usiku na kutia nanga Pemba saa 12 asubuhi imetumia saa nane, bila kuongeza chochote. Tarehe inabadilika saa 6 usiku, lakini hesabu hii haiijali. Safari ikizidi siku nzima, kila siku kamili ina saa 12 mbili za kuvukwa.

Wala usichungulie jua ndipo uanze kuhesabu. Saa 12 ya saa ya mkononi imefungwa mahali pamoja, ilhali jua halifungwi: Kigoma huchomoza karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, ingawa miji yote miwili inafuata saa moja. Dereva aliyeondoka Kigoma giza likiwa bado halijatoka huenda ameshaivuka saa 12, na ukimhesabia kuwa aliondoka alfajiri utamwongezea saa 12 ambazo hakuziendesha.