Buletini ya mtoto kwenye Facebook: inamwambia nini mtu usiyemjua?

Mwanzoni mwa mwezi wa saba, siku ya proklamasio, simu zetu zinajaa picha za watoto. Mtoto anasimama mbele ya nyumba, buletini mkononi, meno yote inje. Mzazi ameteseka na minervali mwaka muzima, ana haki ya kufurahi. Shida si furaha. Shida ni kile picha inachomwambia mtu ambaye mama hakufikiria kumwambia.

Tuchukue mfano wa mama wa Uvira. Binti yake wa miaka tisa amepita. Mama anapiga picha na kuiweka kwenye Facebook na maneno haya: « Aksanti Mungu, binti yangu amepita na 78%! Papa yake tu ndiye amekosa, yuko Kalemie mpaka mwezi wa tisa. »

Sasa tuisome ile picha pole pole, kama vile mtu mwenye nia mbaya angeisoma. Yunifomu yenyewe haisemi kitu, juu bluu na nyeupe inavaliwa na watoto katika Kongo yote. Lakini kwenye mfuko wa shati kuna alama ya masomo, nayo inasomeka. Buletini ndiyo inasema mingi zaidi. Juu yake kuna jina kamili la mtoto, mahali na tarehe alizaliwa, mji, komini, jina la masomo, darasa, na ile namba ya kudumu ya mwanafunzi. Ukivuta picha kwa vidole viwili, yote inaonekana. Nyuma ya mtoto kuna kibao cha duka la jirani. Na chini, shangazi ameandika: « Hongera! Kumbe muko bado pale karibu na kanisa? »

Hakuna mtu aliyetoa siri. Kila mmoja ametoa kipande tu. Lakini mtu asiyewajua sasa anajua mtoto anaitwa nani, anasoma wapi, anaishi upande gani, na kwamba papa hayuko nyumbani kwa miezi miwili.

Habari hizo zinatumika namna mbili. Ya kwanza ni simu: « Halo, mama? Niko mwalimu. Binti yako ameanguka, tuko naye hospitali, tuma franga haraka kwa namba hii wamuingize. » Anataja jina, anataja darasa, na mama anaamini juu ya hiyo. Ukipata simu ya namna hii, kata, kisha piga mwenyewe kwa masomo na namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyokupigia. Ya pili ni mbaya zaidi: mtu anasimama kwenye mlango wa masomo na kumwambia mtoto, « Papa yako amenituma kutoka Kalemie. » Katika miji yetu, ambamo watu wanatekwa ili familia ilipe, hatuwezi kusema hayo ni mawazo tu. Familia zingine zimechagua neno moja la siri: yeyote asiyelijua, mtoto hamfuati hata akitaja jina la papa.

Wengi wanatuuliza kama picha inabeba mahali ilipopigwa. Ndiyo, simu inaweza kuandika mahali ndani ya picha kama umewasha « Localisation ». Lakini Facebook na WhatsApp zinaondoa maandiko hayo unapotuma picha kwa njia ya kawaida. Inabaki kama unaituma kwa WhatsApp kama « Document ». Kwa hiyo usikeshe na satelaiti. Kibao cha duka nyuma ya mtoto kinasema zaidi.

« Lakini mimi naposti kwa rafiki zangu tu. » Jibu hilo tunalisikia kila mara. Angalia kwanza alama ndogo chini ya jina lako, kwenye picha uliyokwisha kuweka. Ikiwa ni mfano wa dunia, ni « Public »: kila mtu anaona, hata yule asiye rafiki yako. Ikiwa ni vichwa vya watu, ni « Amis ». Na Facebook inakumbuka chaguo lako la mwisho: ukiweka tangazo la biashara yako kwa « Public », picha ya mtoto utakayoweka kesho itafuata njia ile ile kama hukubadilisha. Tena, ukimtaja mtu ndani ya picha, marafiki wake pia wanaweza kuiona. Na kusema kweli, mtu mwenye marafiki elfu tatu hawajui wote. Picha za zamani unaweza kuzifunga kwa mara moja: ndani ya « Confidentialité » tafuta « Limiter l'audience des anciennes publications ».

Kwa WhatsApp, statu inakaa saa 24, lakini mtu anaweza kuipiga picha kwa simu yake na kuitunza. Walio na namba yako ni pia fundi, mwenye teksi na mteja wa mara moja. Ndani ya « Confidentialité », kwenye « Statut », chagua « Partager uniquement avec… » na uweke alama kwa shangazi, bibi na marafiki wa kweli. Inakuomba dakika mbili tu. Njia ingine ni kikundi kidogo cha familia, ambamo wasimamizi peke yao wanaingiza watu. Ndugu wa Kampala na wa Ulaya watafurahi sawasawa.

Na ikiwa unataka dunia yote ione? Basi piga picha ya mtoto mbele ya ukuta mtupu, buletini ikiwa imekunjwa, bila alama ya masomo. Andika « Binti amepita! » na uache papa na Kalemie yake. Ukitaka kufunika jina, weka mchoro uliojaa rangi. Usipake kalamu ya rangi nyepesi: mtu akiongeza mwangaza wa picha, maandiko yanaweza kurudi.

Mtoto mwenyewe pia aulizwe. Wa miaka tisa anajua tayari kama anaona haya. Picha ya mtoto akiwa anaoga, akiwa mgonjwa ao akilia kwa sababu ya adhabu, hiyo usiiweke hata kwa kikundi. Siku moja mwenzake wa darasa ataipata. Kipengele cha 31 cha Katiba yetu kinalinda maisha ya binafsi ya kila mtu, nacho hakisemi kwamba ni ya wakubwa tu.

Kuna wakati mmoja ambapo kuonyesha uso wa mtoto kwa wote kuna maana: amepotea. Hapo weka uso, nguo alizovaa, mahali na saa alionekana mwisho, na namba ya mtu mzima. Jina la masomo na avenyu ya nyumba hayahitajiki. Akipatikana, futa, na uombe waliosambaza wafute pia. Lakini kama ni wewe uliyemkuta mtoto wa wengine, usiandike yote unayojua. Mpeleke kwa shefu wa kartie, polisi ao Msalaba Mwekundu, na ubaki na kitu kimoja usichokitangaza, kwa mfano kovu ao rangi ya viatu. Anayekuja kusema « huyu ni wangu » ndiye atakayekitaja.