Mzee ndani ya hadithi

Fratri mmoja aliniletea hadithi aliyoitunga juu ya mama mzee wa hapa Goma. Mama huyo ameketi mlangoni, magoti yanamwuma, naye anakumbuka siku ya 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipoteremka mpaka katikati ya mji na kufunika nyumba yake. Anakumbuka kurasa nne, kiisha anasinzia. Nikamwuliza fratri: «Mama huyu kesho anataka nini?» Akanyamaza.

Basi tukaanza upya na mambo yale yale. Moto ule ulificha mipaka ya parsele nyingi chini ya mawe, na watu wakajenga tena juu yake. Tuseme jirani wa mama amekufa, na mtoto wake anataka kujenga. Anakuja jioni: «Mama, umebaki wewe peke yako unayejua mpaka wetu. Kesho asubuhi shefu wa avenyu atakuja, utuonyeshe.» Mama anajua vizuri sana. Mpaka wa kweli unapita hatua tatu ndani ya kiwanja anachokikaa sasa, na juu ya hatua hizo tatu kinasimama chumba cha mjukuu wake. Akisema uongo, hakuna atakayemshitaki.

Angalia namna mambo yamegeuka. Kukumbuka si usingizi tena. Ni ushuhuda, na yeye ndiye anayeamua kuutoa ao kuuficha. Magoti nayo yamepata kazi. Anaweza kumwambia kijana: «Miguu inakataa, mwanangu, urudi juma lijalo.» Ni magoti kweli, ao ni woga? Mtungaji asijibu upesi, kwa sababu labda mama mwenyewe hajui.

Ferdinand Oyono wa Kameruni alifanya hivyo katika kitabu chake cha 1956 juu ya mzee Meka anayengoja medali. Meka anasimama juani ndani ya duara la chokaa, viatu vinambana, mkojo unamsumbua. Mwili wake ni mzee, lakini shida yake ni ya saa ile ile: avumilie ao aaibike mbele ya wakubwa?

Ukitaka kupima hadithi yako, futa kila neno la maumivu na la zamani. Kama hakubaki jambo ambalo mzee analitaka ao analiogopa, hujamwandika bado.

Fratri alikuwa na neno moja: «Padri, mzee hawezi kudanganya watoto.» Hapo ndipo heshima inatufunga mkono. Tunamfanya mzee kuwa mfuko wa mezali tu, bila wivu wala tamaa. Lakini kwenye kitubio wazee wanapanga mstari kama wengine.

Juma lililofuata alirudi na karatasi mpya. Usiku, wote wakilala, mama anatoka na fimbo yake, anahesabu hatua juu ya mawe: moja, mbili, tatu. Kiisha anahesabu tena, akifupisha hatua.