Tarakimu Mbili za Nchi katika Nambari za Bohari za Kijeshi

Katika majeshi ya nchi wanachama wa NATO, kila aina ya kifaa kinachowekwa bohari hupewa nambari ya tarakimu kumi na tatu. Mfano ni kifungua mikebe kidogo cha chuma cha jeshi la Marekani, kijulikanacho kama P-38. Nambari yake ni 7330-00-242-2062.

Tarakimu nne za mwanzo hutaja jamii ya kifaa, yaani vyombo vya mkono vya jikoni. Mbili zinazofuata hutaja nchi iliyotoa nambari. Hadi mwaka 1974, Marekani ilitumia tarakimu kumi na moja pasipo sehemu hiyo; ndipo nambari za zamani zikaongezewa 00, na vifaa vilivyosajiliwa baadaye vikapewa 01. Ujerumani ina 12, Ufaransa 14, Uingereza 99.

Msomaji asidhani kwamba tarakimu hizo hutaja mahali kifaa kilipoundwa. Kiwanda cha nchi nyingine chaweza kuunda kifungua mikebe hicho hicho, na 00 ikabaki vile vile.

Tarakimu saba za mwisho hazina maana zikisimama peke yake, kwa kuwa kila nchi hutoa zake. Karani akiandika 242-2062 na kuacha 00, au akiweka 99 mahali pake, huenda akaletewa kitu kingine kabisa. Kwa hiyo tarakimu tisa za mwisho, nchi ikiwemo, ndizo zinazokitambulisha kifaa. Jamii yaweza kubadilishwa, nazo zisibadilike.