Afisa wa mauzo ameondoka, lakini oda za wateja bado zipo

Ijumaa jioni afisa anayesimamia wateja wako wakubwa anakupa barua ya kuacha kazi. Jumatatu unampata mwingine. Kosa la kwanza ambalo wafanyabiashara wengi hufanya ni kumpa huyu mpya simu na orodha ya namba, kisha kumwambia, "Wapigie ujitambulishe."

Mteja mkubwa hana haja sana ya jina jipya. Anachotaka kujua ni mzigo wake uko wapi, na kama pesa alizotuma zinajulikana. Kwa hivyo kabla ya kumtambulisha mtu yeyote, hakikisha kwanza kwamba oda ambazo hazijakamilika na malipo yake vinalingana. Hebu tuone kwa mfano.

Tuseme wewe unauza vifaa vya ujenzi kwa jumla mjini Nakuru. Mteja wako mwenye duka la hadwea kule Gilgil aliagiza mifuko 300 ya simiti kwa Sh750 kila mfuko, jumla Sh225,000. Mlikubaliana alipe nusu kwanza, yaani Sh112,500, na nyingine amalizie mzigo wa mwisho ukifika. Tayari amepokea mifuko 100. Imebaki 200.

Katika daftari la afisa aliyeondoka imeandikwa tu: "Gilgil, nusu imelipwa, 200 zimebaki." Lakini ukifungua taarifa ya Till yako, unaona mteja huyu amelipa Sh72,500 pekee. Sh40,000 hazionekani.

Sasa fikiria afisa mpya akimpigia bila kujua hayo. Kwa vitabu vya ofisi, mteja amechukua mifuko 100 ya Sh75,000 na kulipa Sh72,500, kwa hivyo anaonekana ana deni la Sh2,500. Kwa hesabu ya mteja, yeye ndiye ametangulia kwa Sh37,500. Simu ya kujitambulisha inageuka kuwa simu ya kudai deni. Mteja wa hivyo hakosi pa kununua simiti kesho yake.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ya kukaa mezani, wewe, afisa anayeondoka na yule mpya, kabla siku ya mwisho haijafika. Kwa kila oda iliyo wazi andikeni vitu vitano: kilichoagizwa, kilichofika, bei iliyokubaliwa, kilicholipwa pamoja na msimbo wa kila muamala, na ahadi yoyote iliyotolewa kwa mdomo. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika. Huenda simiti imepanda hadi Sh780 na mteja wa Gilgil aliahidiwa kwamba mifuko yake itabaki bei ya zamani. Kwa mifuko 200 hiyo ni Sh6,000. Ni afadhali uamue leo kama utaiheshimu ahadi hiyo kuliko afisa mpya aisikie mara ya kwanza mbele ya lori.

Msimbo wa muamala usiudharau. Taarifa ya malipo mara nyingi huficha sehemu ya namba ya simu ya aliyelipa, na pengine aliyelipa ni mke wa mteja au kijana wake wa dukani. Jina na namba vinaweza kukupotosha, lakini msimbo ni mmoja kwa kila muamala. Mwombe mteja akutumie meseji za malipo, kisha utafute kila msimbo kwenye taarifa yako.

Kwa mfano wetu, mteja anatuma meseji mbili. Ya Sh72,500 inaonyesha jina la biashara yako. Ya Sh40,000 inaonyesha jina la yule afisa. Ilikuwa Jumamosi, akaambiwa, "Till inasumbua, tuma kwa namba yangu nitaingiza ofisini." Haikuingizwa. Hapa uamuzi ni wako mwenye biashara, usimwachie afisa mpya. Kama ulijua afisa wako hupokea pesa hivyo na ukanyamaza, ni vigumu kumwambia mteja kwamba hayo si yako. Njia inayolinda uhusiano ni kumhesabia mteja Sh40,000 zake, halafu wewe umfuate aliyezipokea ukiwa na meseji hiyo kama ushahidi.

Hesabu ikishakaa sawa, funga milango ya zamani. Laini iliyokuwa ikipokea oda, kama imesajiliwa kwa jina la kampuni, ibaki ofisini iendelee kujibiwa. Kama ni laini yake binafsi, itabidi kila mteja aambiwe. Mwondoe pia kwenye orodha ya wahudumu wa Till, na ubadilishe PIN yoyote aliyoijua, siku hiyo hiyo anayoondoka.

Baada ya hapo ndipo umtambulishe mpya. Simu ya kwanza upige wewe mwenyewe, kwa namba ambayo mteja anaijua, huku afisa mpya akiwa kando yako. Mweleze mteja kwamba yule wa zamani ameacha kazi. Sababu si lazima. Kisha umpe simu afisa mpya, naye aanze na mzigo kabla ya kujisifu: "Nimeona mmebakisha mifuko 200 kwa bei ya Sh750. Alhamisi nitakuja na lori mwenyewe." Mteja akisikia hivyo anajua hataanza kueleza upya.

Mara tu baada ya simu, tuma meseji ili maneno yabaki kwenye maandishi. Inaweza kuwa hivi:

"Habari. Kama tulivyoongea, kuanzia leo oda zako zinasimamiwa na afisa wetu mpya, kwa namba hii. Oda yako ya mifuko 300: imefika 100, imebaki 200. Umelipa Sh112,500, baki ni Sh112,500 mzigo ukifika. Namba yetu ya Till HAIJABADILIKA. Hatupokei malipo kwa namba ya mtu binafsi. Kama kuna kosa, tuambie kabla ya Jumatano."

Sentensi kuhusu Till ni muhimu kuliko jina la afisa. Kipindi cha mabadiliko ndicho matapeli hukipenda, kwa sababu mteja anatarajia kusikia sauti asiyoijua. Usibadilishe afisa na namba ya malipo kwa wakati mmoja. Kama lazima Till ibadilike, ngoja oda za zamani ziishe kwanza.

Wiki mbili za kwanza angalia dalili. Mteja akimwuliza afisa mpya swali ambalo alishajibiwa na wewe, hajamwamini bado. Akinyamaza kabisa na alikuwa anaagiza kila wiki, mpigie mwenyewe. Pengine bado anaongea na yule wa zamani. Na akisema amelipa lakini Till haijaonyesha kitu, omba msimbo wa muamala hapo hapo, kabla mzigo haujapakiwa.

Na wewe ambaye ni mteja, ukipokea simu ya "mimi ndiye afisa wako mpya", usibishane naye. Mwambie utampigia, kisha piga namba ya ofisi uliyoizoea uulize. Siku ya kulipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kumaliza muamala. Likiwa la mtu badala ya biashara, simamisha kwanza, hata kama lori limeshafika mlangoni.