Mkasi Upite Wapi

Mdogo wangu alikaa na dredi miaka saba. Jioni aliyoamua kuzitoa alitaka kwenda saluni saa ile ile, nami nikamsihi asubiri wiki kumi, asizisokote tena. Alininunia. Kwake kukata dredi lilikuwa jambo la nusu saa, na kweli mkasi wenyewe hauhitaji zaidi ya hapo. Lakini alikuwa ameniambia pia kwamba hataki para, anataka nywele fupi za kuchana, na Desemba awe na za kusuka matuta kwa ajili ya harusi ya binamu yetu. Hayo yote hutegemea mkasi unapita wapi.

Kila mtu hung'oka nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Mwenye nywele za kuchana huziona kwenye chanuo na juu ya mto. Mwenye dredi hazioni, kwa sababu zikishaachia ngozi hubaki zimenaswa ndani ya kamba. Baada ya miaka saba, sehemu kubwa ya dredi huwa ni nywele zilizokwisha ng'oka zamani, zimeshikiliwa na zile ambazo bado zina mizizi. Ndiyo sababu dredi nene kama kidole huweza kuning'inia kwenye shina jembamba, na ndiyo sababu mtu akishaikata huona nywele zilizobaki kichwani ni chache kuliko alivyodhani.

Sehemu iliyoshikana hivyo haifunguki kwa kuchana kidogo. Ukikata juu yake, kichwani kinabaki kisiki kigumu. Kikilowa maji hukaza, na chanuo likipita hukivuta pamoja na mzizi. Nywele za kuanzia upya ni zile tu zilizoota tangu uliposokota mara ya mwisho. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi, wengine zaidi kidogo. Mtu anayesokota kila mwezi hana hata sentimita 1 iliyo huru, kwa hiyo kwake kukata ni kunyoa. Wiki kumi bila kusokota zingempa mdogo wangu kama sentimita 2 na nusu.

Wiki hizo zina kazi yake. Dredi zisiposokotwa huanza kuungana shinani, na mbili zikishaungana, zile nywele laini ulizozisubiri zinapotea ndani ya fundo. Kila alipoosha nywele alizitenganisha moja moja kwa vidole kabla hazijakauka. Mafuta mazito aliyaacha kabisa, maana hushika vumbi na nyuzi za nguo pale pale shinani.

Ilipofika mwanzo wa Juni, tulipima. Unabana dredi kwa kidole gumba na cha shahada pale inapotoka kwenye ngozi, halafu unashuka taratibu. Mwanzoni vidole vinahisi nywele laini zinazotawanyika ukizisugua. Kisha vinakuta ugumu, kama mahali uzi uliolegea unapoingia kwenye kamba iliyosokotwa. Pale nilifunga uzi mwekundu. Utosini palikuwa na karibu sentimita 3, kisogoni 2 na nusu, lakini juu ya masikio hazikufika 2.

Tulikata zikiwa kavu, kwa sababu nywele za kipilipili zikilowa hujikunja na kipimo hupotea. Tulianzia kisogoni, mahali ambapo kosa halionekani haraka, nusu sentimita ndani ya alama, upande wa kichwani. Dredi ya kwanza ilipotoka, kilichobaki kilifunguka kwa chanuo mara moja. Ya pili nilikata juu mno, kikabaki kifundo kama punje ya pilipili manga. Tulikilainisha kwa maji na kiyoyozi cha nywele, tukakifungua kwa ncha ya sindano nene kuanzia nje kuelekea ngozini. Kilituchukua robo saa. Hapo alielewa kwa nini nilimwomba asubiri.

Dredi zenyewe alizifunga kwenye khanga. Watu wengine huzichoma, wengine huzitunza, na sioni sababu ya mtu kumwamulia mwenzake. Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau, alizifuga zake tangu enzi za msituni hadi Aprili 2022, ndipo Mama Ngina Kenyatta akamkata huko Nyeri. Nywele kama zile huwezi kuzifagia tu.

Siku ya kwanza usitishike na sura ya kichwa. Mistari iliyogawa dredi huonekana wazi kama vijaruba vya mpunga, na hufifia nywele zikioshwa na kuchanwa, ingawa mingine hukaa wiki mbili tatu. Maji ya kwanza hutoka ya kijivu, kwa hiyo osha mara mbili. Ngozi iliyofunikwa miaka mingi huungua upesi kwa jua, kwa hiyo vaa kofia au jifunge kilemba ukitoka mchana.

Kilichonipa wasiwasi ni panja. Nywele pale zilikuwa haba, kwa sababu uzito wa dredi na kubanwa nyuma kila siku huvuta mizizi ya pembeni kwanza. Angalia kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona vitundu na vinywele vyembamba, mizizi ipo na huweza kurudi ikiacha kuvutwa, japo kwa miezi mingi. Ngozi ikiwa laini na inang'aa bila kitundu, mizizi imekufa, na mafuta ya aina yoyote hayatairudisha. Huyo aende kwa daktari wa ngozi mapema, kabla eneo halijapanuka.

Siku ya pili alikwenda kwa kinyozi kusawazishwa kwa mkasi. Anayependa mashine ajue kwamba namba 1 huacha kama milimita 3, na namba 4 kama milimita 13. Wembe siushauri. Nywele zilizojikunja zikikatwa chini ya ngozi hurudi kuichoma kwa ndani, na vipele vya kisogoni vinavyotokea hapo huweza kuwa makovu ya kudumu. Mashine isafishwe kwa spiriti mbele yako. Ukiona duara lenye magamba na nywele zilizokatika, hayo ni mapunye, na mapunye ya kichwani huhitaji vidonge vya kumeza. Dawa ya kupaka peke yake haiyamalizi.

Kutoka hapo ilikuwa hesabu. Alianza na sentimita 2 utosini. Miezi sita ingeongeza kama 6, yaani 8 hivi kufikia Desemba. Matuta hushika kwenye sentimita 5 za kunyoosha, kwa hiyo palikuwa na nafasi. Mwezi wa tatu ndio uliomtesa, kwa sababu nywele za kipilipili zenye sentimita 5 huonekana kama 2, na kila asubuhi alisema haziongezeki. Nilimpa rula. Alivuta unywele mmoja wa utosini kila tarehe mosi, akaandika kwenye kalenda ya ukutani. Kinyozi alimwona kila wiki nne, kwa shingo na nyuma ya masikio tu, kwa sababu nyuma hujaa haraka na kichwa hukosa umbo. Utosini hakuguswa.

Wiki ya harusi rula ilisoma 8 utosini na 5 na nusu kwenye panja. Msusi alimsuka mistari minane minene, akaanzia vidole viwili nyuma ya panja, na vinywele vya mbele akaviacha huru.