Pesa iliyoingia si mauzo yote: hesabu viatu vinavyorudi

Mwisho wa mwezi, wauzaji wengi wa mtandaoni hufungua taarifa ya malipo, wanasoma jumla iliyoingia na kusema, "Mwezi huu nimeuza." Hapo ndipo hesabu huanza kupotoka.

Tuchukue mfano wa duka la Ndara, karibu na Voi, linalopokea oda kwa WhatsApp na kutuma mizigo kwa matatu hadi Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mwezi wa Julai limeuza hivi:

- Viatu pea 40, kila moja sh. 1,500: sh. 60,000
- Vikapu vya mkonge 30, kila kimoja sh. 2,000: sh. 60,000
- Kava za simu 100, kila moja sh. 300: sh. 30,000

Jumla ni sh. 150,000. Lakini pea 10 za viatu, kikapu 1 na kava 5 zilirudi, na wateja wakarudishiwa sh. 18,500. Mauzo halisi basi ni sh. 131,500.

Ukihesabu kwa ujumla, vitu 16 kati ya 170 vimerudi, kama asilimia 9. Si mbaya, utasema. Sasa gawanya kwa bidhaa: kava ni asilimia 5, kikapu ni kimoja tu kati ya 30, lakini viatu ni asilimia 25! Viatu na vikapu vililingana kwa pesa iliyoingia, ila vikapu vilibakisha sh. 58,000 na viatu sh. 45,000. Na nauli ya mzigo uliorudi bado haijatolewa.

Kosa la pili ni la tarehe. Tuseme pea 4 kati ya hizo 10 zilirudi Agosti. Ukiziandika Agosti, Julai itaonekana nzuri kwa sh. 6,000 zaidi na Agosti itabeba lawama isiyo yake. Kwa hivyo, kila kinachorudi kiandike chini ya mwezi kilipouzwa, na usifunge hesabu ya Julai kabla muda wako wa kurudisha kuisha.

Kosa la tatu ni kurudisha pesa kutoka simu yako ya kibinafsi. Taarifa ya biashara itaendelea kuonyesha sh. 150,000, kana kwamba hakuna kilichorudi. Rudisha kupitia laini ile ile iliyopokea malipo, kisha andika nambari ya muamala wa kwanza kando ya ule wa pili.

Ongeza safu moja kwenye daftari: sababu. Kama pea 7 kati ya 10 zimeandikwa "saizi ndogo", shida si wateja wasumbufu. Waombe wapime mguu kwa sentimita kabla ya kulipa, halafu linganisha mwezi unaofuata. Ila kikapu kimoja kilichorudi kisikutishe. Kwa idadi ndogo hivyo, subiri miezi miwili mitatu kwanza.